Uzi: Gawio lilitangazwa mwaka 2019, halijalipwa hadi leo. Naomba mnisomee barua yangu kwa bodi

Mwanahisa Mdogo (Jumatatu, 5 Mei 2025)

Habari za jioni wana jukwaa. Naomba msaada wa mawazo kabla sijapeleka barua, kwa sababu nikishaipeleka siwezi kuirudisha.

Ninamiliki hisa 900 kati ya hisa 20,000 za kampuni binafsi yenye maghala na vyumba vya baridi huku Vingunguti. Nilizinunua mwaka 2014 kutoka kwa mmoja wa waanzilishi, jina langu limo kwenye rejista ya wanahisa na cheti ninacho. Mwenyekiti wa bodi na familia yake wana hisa 12,000, na zilizobaki tumegawana watu saba.

Tarehe 29 Juni 2019 mkutano mkuu wa mwaka ulipitisha gawio la mwaka wa fedha 2018, shilingi 6,000 kwa kila hisa. Nilikuwepo, nilinyoosha mkono, na muhtasari wa mkutano ninao. Kwa hisa zangu ni shilingi 5,400,000 kabla ya kodi. Kisha Desemba 2021 tulipokea barua ya bodi ikitujulisha kwamba wakurugenzi wameamua kulipa gawio la awali la mwaka huo, shilingi 3,500 kwa hisa, ambalo kwangu ni shilingi 3,150,000. Sijapata hata senti ya lolote kati ya hayo mawili. Kila nilipouliza niliambiwa tuvute subira: kwanza korona, halafu mitambo ya baridi, halafu mkopo wa benki.

Rasimu yangu inaanza kwa kueleza masikitiko, inasema kwamba bodi imetuibia wanahisa wadogo, inadai jumla ya shilingi 8,550,000 pamoja na riba ya benki kwa miaka yote, na inawapa siku 90 za kulipa kabla sijachukua hatua za kisheria. Je, imekaa sawa?

Mpiga Hodi (5 Mei)

Mkuu, rasimu iko vizuri. Siku 90 ni sahihi kabisa, maana sheria inataka umpe mdaiwa notisi ya siku 90 kabla ya kwenda mahakamani, na ukienda mapema shauri lako litatupwa. Riba usiiache hata kidogo, fedha zako zimefanya kazi kwenye biashara yao miaka sita. Dai pia mihtasari yote, ya mikutano mikuu na ya vikao vya bodi. Ni haki yako kama mmiliki.

Mchumi wa Kariakoo (5 Mei)

Pole sana. Mimi pia gawio langu la benki moja iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam halikuingia tangu nilipobadilisha laini ya simu na kufunga akaunti ya zamani. Nenda kwa dalali wako au kwa msajili wa hisa ukiwa na kitambulisho na namba ya akaunti yako ya hisa, ujaze fomu ya kubadili taarifa. Mimi walinilipa malimbikizo ya miaka mitatu ndani ya wiki chache. Hakuna haja ya barua ndefu kwa bodi.

Mwanahisa Mdogo (5 Mei)

Asante ndugu, lakini kampuni yetu haijaorodheshwa sokoni. Fedha zako zilitoka na zikakosa pa kuingia. Zangu hazijawahi kutoka.

Katibu Mstaafu (Jumanne, 6 Mei)

Ndugu Mwanahisa Mdogo, nimefanya kazi ya ukatibu wa kampuni kwa zaidi ya miaka ishirini katika jiji hili, na barua za namna hii nimezipokea nikiwa upande wa pili wa meza. Naomba usiipeleke rasimu hiyo. Masikitiko yako ni ya haki, lakini siku 90 ulizoziweka zinaweza kukupotezea dai zima la mwaka 2019.

Gawio likishapitishwa na mkutano mkuu wa wanahisa linakuwa deni la kampuni kwa kila aliyekuwa kwenye rejista siku hiyo. Tangu dakika ile wewe una sura mbili: mwanahisa anayeomba, na mdai anayedai. Hilo ni jema kwako, lakini mdai hufungwa na saa. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai yanayotokana na mkataba yana miaka sita, na gawio lililotangazwa huhesabiwa katika kundi hilo. Ukihesabu kutoka tarehe 29 Juni 2019, miaka sita inatimia mwishoni mwa mwezi ujao. Tarehe 28 Juni mwaka huu ni Jumamosi, kwa hiyo mimi ningejiwekea Ijumaa, tarehe 27, kuwa siku ya mwisho kabisa ya kusajili shauri. Barua yenye siku 90 ikipokelewa wiki hii inakupeleka Agosti. Bodi yenye wakili mzuri itakujibu kwa upole, itakuomba subira kidogo, na mwezi Julai itakuandikia kwamba dai lako limepitwa na wakati.

Siku 90 alizotaja ndugu yetu Mpiga Hodi ni za mtu anayetaka kuishitaki Serikali. Kampuni binafsi haina kinga hiyo, na notisi ya siku 14 inatosha kwa adabu na kwa kumbukumbu.

Naomba utusaidie jambo moja: azimio la mwaka 2019 linasema gawio lilipwe lini? Tunukulie maneno yenyewe ya kwenye muhtasari, usitueleze unavyoyakumbuka.

Mpiga Hodi (6 Mei)

Nashukuru kwa kunisahihisha kuhusu siku 90, nilikuwa nimechanganya na kesi ya kiwanja ya kaka yangu dhidi ya halmashauri. Hata hivyo kwa riba nasimama palepale.

Mwanahisa Mdogo (6 Mei)

Katibu, nimesoma ujumbe wako mara tatu na mkono umekufa ganzi. Maneno ya muhtasari ni haya: "Mkutano uliidhinisha kwa kauli moja gawio la shilingi 6,000 kwa kila hisa kwa mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2018, ambalo litalipwa na menejimenti kwa kadiri ya upatikanaji wa fedha." Hakuna tarehe.

Katibu Mstaafu (6 Mei)

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo itakayoleta ubishi. Azimio lingetaja, kwa mfano, tarehe 30 Septemba 2019, saa ingeanza kugonga siku hiyo na ungekuwa na miezi mitatu zaidi. Pasipo tarehe, msimamo wa kawaida ni kwamba deni linadaiwa tangu siku ya kutangazwa. Wakili wako anaweza kujenga hoja kwamba maneno "upatikanaji wa fedha" yalisogeza mbele siku ya kulipa, lakini wakili wao atayageuza maneno hayohayo kuwa sharti, aseme fedha hazijapatikana na kwa hiyo hakuna kinachodaiwa. Usiegemee tafsiri inayokufaa. Hesabu kwa tarehe inayokubana zaidi.

Sasa nakuja kwenye kazi halisi ya barua yako. Wengi hudhani barua ya madai ni ya kumtisha mdaiwa. Kwako kazi yake kubwa ni kupata jibu la maandishi lenye saini linalokiri kwamba deni lipo. Chini ya kifungu cha 27 cha sheria ileile ya ukomo, mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini, au akilipa sehemu yake, muda unaanza kuhesabiwa upya. Ila kukiri huko kupatikane kabla muda haujaisha. Ahadi ya mdomo kwenye korido baada ya mkutano haina uzito huo, hata kama imetolewa na mwenyekiti mwenyewe.

Ndiyo maana neno "mmetuibia" liondoke. Mtu aliyeitwa mwizi haandiki "tunakiri kwamba hatujakulipa". Anampelekea wakili barua, na wakili hujibu kwa kukana kila kitu.

Bi Saumu wa Temeke (6 Mei)

Samahani kwa kuingilia. Marehemu baba yangu alikuwa na hisa kwenye kampuni ya mabasi, na gawio lilitangazwa miezi miwili kabla hajafariki. Sisi watoto tulihamishiwa hisa mwaka uliofuata. Tukaandika kudai gawio lile, tukajibiwa kwamba sisi hatukuwa wanahisa siku hiyo. Je, ni kweli tumekosa?

Katibu Mstaafu (6 Mei)

Pole kwa msiba, Bi Saumu. Walichowajibu ni kweli, lakini ni nusu. Ninyi hamkuwa kwenye rejista, baba yenu alikuwepo, kwa hiyo deni lile ni mali yake na limeingia kwenye mirathi. Anayepaswa kulidai ni msimamizi wa mirathi, kwa jina la mirathi, akiambatisha barua ya usimamizi ya mahakama. Gawio linalotangazwa baada ya hisa kuandikwa kwa majina yenu ndilo mnalodai wenyewe. Na ninyi pia hesabuni miaka.

Mhasibu wa Ubungo (Jumatano, 7 Mei)

Nami niseme kwa niaba ya wale tunaokaa upande wa menejimenti, kwa sababu uzi huu unaelekea kuihukumu bodi bila kuisikiliza. Inawezekana kabisa kampuni ikatangaza gawio kwa nia njema na isiweze kulipa. Faida iliyopo kwenye vitabu si fedha iliyopo benki. Mwaka huo huenda faida yao yote ilikuwa imekaa kwa wateja ambao hawajalipa pango la maghala. Tena mikataba mingi ya mikopo ina kipengele kinachozuia kampuni kulipa gawio bila idhini ya benki hadi mkopo uishe. Mkurugenzi akivunja kipengele hicho, benki inaweza kudai mkopo wote kwa mkupuo, na hapo hakuna mwanahisa atakayepona.

Ndugu mleta uzi, je, hesabu zilizokaguliwa za miaka hiyo unazo? Kabla ya kuandika lolote, tazama mizania, upande wa madeni ya muda mfupi. Utuambie mstari wa gawio linalodaiwa unasema nini mwaka hadi mwaka.

Mwanahisa Mdogo (7 Mei)

Ninazo hadi za mwaka 2021, za baadaye hatujapewa. Mwisho wa 2019, gawio linalodaiwa ni shilingi 120,000,000. Mwisho wa 2020, ni 120,000,000 tena. Mwisho wa 2021, ni shilingi 48,000,000. Hesabu za 2021 zilisainiwa na wakurugenzi wawili tarehe 14 Septemba 2022. Kusema kweli mstari huo sikuwahi kuutazama.

Mhasibu wa Ubungo (7 Mei)

Basi nafuta nusu ya utetezi wangu wa asubuhi.

Hisa 20,000 mara shilingi 6,000 ni 120,000,000, kwa hiyo mwaka 2019 na 2020 hakuna mwanahisa hata mmoja aliyelipwa. Hiyo inaendana na hadithi ya kukosa ukwasi. Lakini ndani ya mwaka 2021 deni limepungua kwa shilingi 72,000,000. Gawanya kwa 6,000 upate hisa 12,000. Umetuambia mwenyewe nani ana hisa 12,000. Zilizobaki 48,000,000 ni hisa 8,000, ambazo ni zenu ninyi wengine, bila kuzidi wala kupungua.

Sisemi kwamba fedha taslimu zilitoka. Mara nyingi hufanyika kimyakimya kwenye akaunti ya mkurugenzi: alikuwa amechukua fedha za kampuni kwa mahitaji yake miaka iliyopita, halafu gawio lake likatumika kufuta alichokopa. Kwenye vitabu yote mawili yanapungua, na benki haioni muamala wowote. Kama ndivyo ilivyokuwa, angalia kipengele cha miamala na wahusika wenye uhusiano na kampuni, kwenye maelezo ya nyuma ya hesabu, uone kama mkopo wa mkurugenzi ulishuka kwa kiasi kinachokaribiana.

Jambo la pili: gawio la awali la Desemba 2021, ambalo lingekuwa shilingi 70,000,000 kwa hisa zote, halimo kabisa kwenye mizania ya tarehe 31 Desemba 2021. Kama mkaguzi angeliona ni deni, angelidai liwepo.

Mwanahisa Mdogo (7 Mei, usiku)

Nimefungua ukurasa huo wa maelezo. Madai ya kampuni kwa mkurugenzi yalikuwa shilingi 81,300,000 mwisho wa 2020, na shilingi 16,500,000 mwisho wa 2021. Yamepungua kwa 64,800,000.

Mhasibu wa Ubungo (7 Mei, usiku)

Gawio la 72,000,000 likikatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo ni 7,200,000, linabaki 64,800,000. Sina la kuongeza.

Mpiga Hodi (Alhamisi, 8 Mei)

Sasa si ndiyo wizi wenyewe huo tulioambiwa tusiutaje?

Katibu Mstaafu (8 Mei)

Hapana, Mpiga Hodi, na hapa naomba tuwe waangalifu sana. Mwenyekiti alidaiwa na kampuni, na yeye aliidai kampuni gawio lake. Kukata deni kwa deni si kosa kwa peke yake. Kosa ni kwamba wanahisa wa daraja moja, wenye haki sawa juu ya gawio lilelile, wengine wamefaidika nalo na wengine wameambiwa kampuni haina fedha. Hoja hiyo haihitaji neno wizi. Inakaa vizuri chini ya kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, ambacho kinamruhusu mwanahisa kwenda mahakamani kulalamika kwamba mambo ya kampuni yanaendeshwa kwa namna inayoumiza bila haki maslahi ya wanahisa, wote au baadhi yao. Ombi la namna hiyo huenda Mahakama Kuu, lina gharama na huchukua muda, kwa hiyo kwa dai la milioni tano si mahali pa kuanzia. Lakini kulitaja kwenye barua, kwa sentensi moja na bila kupandisha sauti, kutawafanya wakurugenzi wasiohusika na hisa zile 12,000 wajiulize wameweka saini kwenye kitu gani.

Kuhusu gawio la awali, nakuletea habari usizozipenda. Gawio la awali linaamuliwa na bodi peke yake, na kwa msimamo wa sheria ya Kiingereza ambao mahakama zetu huutazama katika mambo haya, uamuzi wa bodi unaweza kubatilishwa na bodi ileile wakati wowote kabla fedha hazijalipwa. Halijawa deni kama lile la mkutano mkuu. Kwa hiyo usiyajumlishe madai mawili kuwa shilingi 8,550,000. Ukiyaunganisha, udhaifu wa moja unaambukiza lingine, na bodi itajibu kuhusu lile dhaifu tu na kunyamaza kuhusu lile lenye nguvu. Yatenganishe kwa aya. La kwanza unalidai. La pili unauliza: je, uamuzi ule ulibatilishwa, lini, na kwa azimio gani?

Kuhusu mihtasari, una haki ya kukagua kitabu cha mihtasari ya mikutano mikuu na kupata nakala. Mihtasari ya vikao vya bodi si haki ya mwanahisa kwa kuwa mwanahisa tu. Omba dondoo la azimio, wanaweza kukupa au kukunyima. Na kuhusu riba, soma katiba ya kampuni yenu, ile memati, mahali panapohusu gawio. Nyingi zimenakiliwa kutoka kwenye mfano ulioambatanishwa na sheria, zikiwa na kifungu kinachosema gawio halitazaa riba dhidi ya kampuni.

Mwanahisa Mdogo (8 Mei)

Kipo, ibara ya 121. Riba naiondoa.

Mpiga Hodi (8 Mei)

Nimeshindwa. Lakini basi mtishe kwa kuifilisi kampuni. Kampuni isiyolipa deni lake inafilisiwa.

Mhasibu wa Ubungo (8 Mei)

Kampuni ina maghala mawili na wateja wanaolipa, hakuna atakayeamini kwamba imeshindwa kulipa milioni tano. Na hata ingefilisiwa kweli, gawio ambalo mwanahisa anadai kama mwanahisa linakaa nyuma ya wadai wa nje wote. Atakuwa ameangusha mwembe ili achume embe moja, na embe lenyewe liokotwe na benki.

Mwanahisa Mdogo (Jumamosi, 10 Mei)

Nimeandika upya. Nimeongea pia na shangazi yangu mwenye hisa 1,300, naye hajalipwa. Tukiungana tuna hisa 2,200, asilimia 11. Barua yangu kwa sasa ni hii:

"Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi, kupitia Katibu wa Kampuni, ofisi iliyosajiliwa.

Yah: Gawio la mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2018, hisa 900.

Mimi ni mwanahisa wa kampuni hii niliyeandikishwa kwenye rejista, mwenye hisa 900 kwa mujibu wa cheti kilichoambatanishwa. Mkutano mkuu wa mwaka uliofanyika tarehe 29 Juni 2019 uliidhinisha gawio la shilingi 6,000 kwa kila hisa. Stahili yangu ni shilingi 5,400,000, ambazo baada ya kodi ya zuio ya asilimia 10 ni shilingi 4,860,000. Kiasi hicho hakijalipwa.

Mizania ya kampuni ya tarehe 31 Desemba 2021, iliyosainiwa na wakurugenzi wawili tarehe 14 Septemba 2022, inaonyesha gawio linalodaiwa la shilingi 48,000,000, ambalo naelewa kwamba linajumuisha stahili yangu. Mwaka mmoja kabla ya hapo kiasi hicho kilikuwa shilingi 120,000,000. Naomba bodi inieleze ni wanahisa wa hisa zipi walioridhiwa kwa tofauti ya shilingi 72,000,000, iwe kwa malipo au kwa kukatana madeni, na kwa sababu gani wanahisa wengine hawakutendewa vivyo hivyo.

Naomba kulipwa shilingi 4,860,000 pamoja na kupewa cheti cha kodi ya zuio kabla ya tarehe 27 Mei 2025. Iwapo bodi haitaweza kulipa kufikia tarehe hiyo, naomba ithibitishe kwa maandishi, kwa saini ya mkurugenzi, kwamba kiasi hicho kinadaiwa kwangu na kampuni, pamoja na tarehe ya kulipwa. Nikikosa vyote viwili nitafungua shauri la madai bila kutoa taarifa nyingine.

Kwa suala lililo tofauti na hilo, naomba kujua kama uamuzi wa bodi wa Desemba 2021 kuhusu gawio la awali la shilingi 3,500 kwa hisa bado unasimama, na kama ulibatilishwa, naomba dondoo la azimio husika.

Barua hii haiondoi haki nyingine yoyote niliyo nayo kama mwanahisa, zikiwemo zile za kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni."

Katibu Mstaafu (10 Mei)

Hiyo ningeipokea na ningemwita mwenyekiti siku hiyohiyo. Ipeleke kwa mkono kwenye ofisi iliyosajiliwa BRELA. Ofisi ya ghalani inaweza isiwe hiyo, kwa hiyo hakikisha kwanza kwenye mfumo wao wa usajili. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikataa kugonga, itume pia kwa barua ya rejesta na utunze risiti.

Shangazi aandike barua yake mwenyewe, kwa sababu deni la kila mwanahisa ni lake. Mkiwa na zaidi ya moja ya kumi ya mtaji mnaweza kwa pamoja kuitaka bodi iitishe mkutano mkuu usio wa kawaida, ila hiyo ni njia ya maelezo na kura, na kwenye kura asilimia 60 itawashinda. Isiwafanye msahau tarehe 27 Juni.

Bi Saumu wa Temeke (10 Mei)

Naomba kuuliza kwa kutojua: hizo hesabu zilizosainiwa mwaka 2022 zinazoonyesha deni, si tayari zimekiri? Kwa nini ahangaike na tarehe ya Juni?

Katibu Mstaafu (10 Mei)

Bi Saumu, umeuliza swali ambalo mawakili wawili wanaweza kulibishania siku nzima. Uingereza mahakama zimewahi kukubali mizania iliyosainiwa kuwa ukiri wa deni, na wakili wa ndugu yetu ataitumia hoja hiyo ikibidi. Lakini mizania haitaji jina lake wala hisa zake 900, inataja jumla tu. Mimi ningeiweka kama mwavuli wa akiba, nisitoke nayo kwenye mvua kubwa nikiwa sina kingine.

Mhasibu wa Ubungo (10 Mei)

Mimi naona umeipunguzia nguvu. Jumla ya 48,000,000 inagawanyika kwa hisa 8,000 zilezile, na rejista inataja majina. Hesabu hiyo haina nafasi ya mtu mwingine.

Katibu Mstaafu (10 Mei)

Kihesabu sikupingi. Hakimu ndiye wa kuridhishwa.

Mwanahisa Mdogo (Jumatano, 28 Mei)

Nimerudi na majibu. Barua ilipokelewa tarehe 13 Mei na nakala yangu ina muhuri. Jana saa kumi jioni nilipigiwa simu nikachukue jibu. Nanukuu sehemu inayohusika:

"Bodi inatambua kwamba gawio la mwaka 2018 kwa baadhi ya wanahisa, wakiwemo wewe, bado halijalipwa kutokana na hali ya ukwasi, na inafanya juhudi za kulikamilisha katika robo ya mwisho ya mwaka huu. Kuhusu gawio la awali la mwaka 2021, bodi ilibatilisha uamuzi huo katika kikao cha Februari 2022. Suala la shilingi 72,000,000 litatolewa maelezo katika mkutano mkuu ujao."

Imesainiwa na katibu wa kampuni, "kwa niaba ya bodi", na ina muhuri wa kampuni. Hakuna saini ya mkurugenzi niliyoiomba. Kiasi hakikutajwa.

Mpiga Hodi (28 Mei)

Wamekiri! Hongera, sasa una miaka sita mipya.

Katibu Mstaafu (28 Mei)

Wamekiri karibu kila kitu isipokuwa tarakimu, na mtu aliyeiandika anajua alichokuwa anakifanya. "Bado halijalipwa" ni maneno mazuri kwako. Kama katibu alikuwa na mamlaka ya kukiri deni kwa niaba ya kampuni, na kama ukiri usiotaja kiasi unatosha wakati kiasi chenyewe kinapatikana kwa kuzidisha hisa zako kwa azimio, mimi nadhani jibu ni ndiyo kwa yote mawili. Lakini robo ya mwisho ya mwaka ni baada ya Juni, na kudhani kwangu hakutakusaidia mwezi Oktoba. Wajibu leo kwa sentensi moja, uwaombe mkurugenzi asaini kwamba kiasi ni shilingi 4,860,000 baada ya kodi. Usiandike popote kwamba umekubali kusubiri.

Mwanahisa Mdogo (28 Mei)

Nimeshaipeleka saa nane mchana, na shangazi naye amepeleka yake. Wakili amenipa miadi Jumatatu tarehe 2 Juni, ameniambia nije na cheti cha hisa, muhtasari, hesabu za miaka mitatu, na barua zote mbili. Hati ya madai itaandaliwa mapema ikae tayari. Saini ya mkurugenzi isipofika hadi tarehe 20, inasajiliwa.